Siku 90 Zikishapita: Cheti cha Mtoto Aliyezaliwa Nyumbani

Mtoto akizaliwa hospitalini, hospitali ndiyo inayomsemea. Mkunga wa zamu huandika kwenye rejesta saa ya kuzaliwa, jinsia, uzito na jina la mama, na mzazi hutoka na tangazo la kizazi mkononi. Aliyezaliwa nyumbani hana wa kumsemea zaidi ya watu waliokuwapo. Kwa Tanzania Bara, sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Zikipita, usajili huhesabika kuwa umechelewa, na mzazi hupaswa kuleta uthibitisho zaidi ya maneno yake.

Kwanza tazama umri wa mtoto. Aliye chini ya miaka 5 ana njia nyepesi: mpango wa usajili wa watoto wa umri huo unapokelewa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti chake cha kwanza hakilipiwi. Aliyevuka miaka 5 hupitia kwa msajili wa wilaya aliye chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ama kwa kufika ofisini ama kwa mfumo wa eRITA. Aliyevuka miaka 10 huhitaji pia idhini ya Msajili Mkuu, kwa hiyo jalada lake hupanda ngazi moja zaidi. Sura hii inamhusu wa katikati, kwa sababu ndiye anayefika ofisini akiwa na karatasi nyingi ambazo hazisemi neno moja.

Msajili anatafuta majibu ya maswali matatu tu: mtoto huyu alizaliwa lini, alizaliwa wapi, na wazazi wake ni nani. Karatasi zote zinapimwa kwa maswali hayo, lakini uzito wake haulingani. Karatasi iliyoandikwa zamani, na mtu asiyejua kwamba siku moja itaombewa cheti, ina nguvu kuliko iliyoandikwa juma lililopita kwa ajili ya ombi lenyewe. Ndiyo maana kadi ya kliniki iliyochakaa huishinda barua mpya yenye muhuri unaong'aa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtoto tumwite Rehema, binti wa Juma na Asha, aliyezaliwa kitongojini mikononi mwa mkunga wa jadi. Sasa ana miaka 9, na mwalimu mkuu ameagiza cheti. Mama yake ana karatasi tatu za kuonyesha, na anapozipanga mezani zinagombana.

Kadi ya kliniki ya mtoto inasema Rehema Juma, amezaliwa tarehe 14 Agosti 2016. Rejesta ya shule inasema Rehema Saidi, amezaliwa tarehe 1 Januari 2017. Saidi ni mjomba wake, aliyempeleka kuandikishwa. Mwalimu aliuliza jina la baba, mjomba akajibu jina lake, na tarehe ikakadiriwa. Karatasi ya tatu ni kadi ya kliniki ya mama alipokuwa mjamzito, ambayo Asha alikaribia kuiacha nyumbani akidhani haina kazi.

Kadi hiyo ndiyo inayoamua. Ndani yake muuguzi aliandika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, 5 Novemba 2015, na tarehe ya matazamio ya kujifungua, 12 Agosti 2016. Matazamio hupatikana kwa kuhesabu siku 280 hivi tangu hedhi hiyo, na watoto wengi huzaliwa siku chache kabla au baada yake. Tarehe 14 Agosti inakaa vizuri hapo. Zaidi ya hilo, kadi inathibitisha kwamba Asha mwenyewe alikuwa na mimba katika miezi hiyo, na kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani huo ndio uthibitisho wa karibu kabisa kuhusu mama.

Kadi ya mtoto nayo ina ushuhuda ambao wazazi wengi hawauoni, kwa kuwa wanatazama tarehe ya kuzaliwa peke yake. Rehema alichomwa chanjo ya kifua kikuu, BCG, tarehe 29 Agosti 2016, na sindano ya kwanza ya Penta, inayotolewa kuanzia wiki ya 6, tarehe 10 Oktoba. Tarehe ya kuzaliwa iliandikwa kwa maneno ya mama, lakini tarehe za chanjo ziliandikwa na muuguzi siku alipomshika mtoto. Aliyechanjwa Agosti 2016 hawezi kuwa alizaliwa Januari 2017. Tarehe ya shule inaanguka yenyewe.

Linabaki jina. Hapa wazazi wengi hushawishika kutafuta njia ya mkato: kupata kadi mpya ya kliniki inayolingana na shule, au kuongeza herufi kwenye ya zamani. Afisa aliyezoea huona. Kadi iliyotumika kweli ina mwandiko wa wauguzi tofauti, kalamu tofauti na mikunjo ya miaka. Iliyojazwa kwa siku moja ina wino mmoja kuanzia BCG mpaka surua. Ombi likishatiliwa shaka namna hiyo, hata karatasi za kweli zilizobaki huchunguzwa upya. Kama kadi imepotea, nenda zahanati ilikotolewa uombe watafute rejesta yao ya chanjo, kisha wakuandikie barua inayotaja ukurasa na tarehe walizozikuta.

Tofauti ya jina hutibiwa kwa kuelezwa. Asha anahitaji barua ya mwalimu mkuu inayosema kwamba Rehema Saidi wa rejesta ya shule ndiye Rehema Juma, na kwamba aliandikishwa na mjomba. Juma na Asha wanaweza kuapa hati ya kiapo kwa wakili au hakimu wakieleza jambo hilohilo. Majina yao wenyewe yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vya taifa, herufi kwa herufi.

Barua ya mtendaji inakuja mwisho, na kazi yake ni kujibu swali la wapi. Barua inayosema tu kwamba mtoto "ni mkazi wa kijiji changu" haisaidii sana, kwa kuwa mtu anaweza kuhamia popote. Iseme alizaliwa kitongoji gani, nyumbani kwa nani, mkunga ni nani na kama yu hai, na mtendaji amejuaje. Mkunga au bibi akiweza kufika, aje. Afisa akimuuliza, "Shikamoo bibi, siku ile ilikuwaje?" asifundishwe jibu. Bibi anayekumbuka kwamba mahindi yalikuwa yameshavunwa na mtoto alikuja alfajiri anaaminika kuliko anayetaja tarehe kwa kukariri.

Wakati nao una mpaka. Tarehe 14 Agosti 2026 Rehema anatimiza miaka 10, na akivuka hapo ombi litahitaji idhini ya Msajili Mkuu. Afadhali Asha apeleke karatasi alizonazo mapema na kuambiwa kilichopungua, kuliko kukaa mwaka mzima akiisaka karatasi moja kamilifu.

Ombi likikubaliwa, kinachofanyika kwanza ni kuingiza taarifa kwenye daftari la vizazi. Cheti ni nakala ya ingizo hilo. Kwa hiyo soma taarifa kabla hazijachapishwa: jina la mtoto, tarehe, mahali alipozaliwa, majina ya wazazi. Kosa likishaingia daftarini halifutwi kwa kalamu mezani; linahitaji ombi la marekebisho na ushahidi wake. Kisha nakili namba ya ingizo uihifadhi mbali na cheti, maana cheti kikiungua au kikipotea, namba hiyo ndiyo itakayorahisisha kupata nakala nyingine bila kuanza kumtafuta tena mkunga.