Kumwambia Mkunga Kijana Kosa Lake Bila Kulificha

Katika kituo cha afya cha vijijini, mfano wa vile vinavyohudumia kata kama Mvumi wilayani Kilosa, zamu ya usiku huweza kubaki mikononi mwa mkunga mmoja. Kila mama aliye katika uchungu hufunguliwa patografu, yaani chati ya kufuatilia mwenendo wa uzazi. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa na kuandikwa humo kila nusu saa. Kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Yakitoka nje ya mipaka hiyo na kubaki huko, huenda mtoto anakosa hewa, na uamuzi wa kumpeleka mama hospitali hauna budi kufanywa mapema, hasa wakati wa masika ambapo njia hupitika kwa shida.

Kosa ambalo wasimamizi wa huduma za uzazi hukutana nalo mara kwa mara ni patografu kujazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Chukulia kwamba mkunga kiongozi anapitia chati ya usiku uliopita. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili alfajiri kuna vipimo tisa vya mapigo, vyote 140. Rejista ya uzazi inaonyesha kwamba kati ya saa tisa na saa kumi na nusu mkunga yule yule, aliye kazini mwaka wa kwanza, alikuwa akimzalisha na kumshona mama mwingine. Mtoto wa mama wa kwanza alizaliwa bila kulia. Akasaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa, akapona.

Njia ya kwanza ya kusema ni ya ukali: “Umeandika uongo.” Huenda ni kweli, lakini msikilizaji atajitetea, na usiku mwingine atajifunza kuandika 138, 142 na 140 ili chati isishukiwe. Njia ya pili ni ya upole unaoficha: “Kazi nzuri, ila tujitahidi kidogo katika kumbukumbu.” Lugha yetu ina wepesi wa namna hii. “Tujitahidi” huligawa kosa kwa watu wote; “kidogo” hulipunguza; “kumbukumbu” hulihamisha kutoka kwa mtoto kwenda kwenye karatasi. Mkunga huyo ataondoka akidhani ameambiwa kuhusu mwandiko.

Njia ya tatu hulainisha mahali na namna ya kusema, lakini huliacha jambo lenyewe kama lilivyo. Mkunga kiongozi humwita kijana faraghani baada ya kupumzika, hufungua chati na rejista mezani, kisha husema:

“Mdogo wangu, najua ulikuwa peke yako na wazazi wawili. Chati hii ina vipimo vya saa tisa na nusu na saa kumi. Rejista inasema wakati huo ulikuwa kitanda cha pili. Ilikuwaje?”

“Dada, sikupima. Nilijaza baadaye.”

“Ahsante kwa kusema. Tatizo ni hili: kama mapigo yalishuka saa kumi, hakuna aliyejua, na chati ikatuambia yote ni salama. Usipopima, acha nafasi wazi, andika sababu, kisha nipigie simu.”

Hapa hakuna tusi, wala hakuna neno lililopunguza uzito. Kuitambua hali ya zamu si udhuru: nafasi iliyo wazi huonyesha kwamba msaada unahitajika, ilhali namba ya kubuni huificha haja hiyo na huificha hatari ya mtoto. Mkunga kiongozi naye hubeba sehemu yake, kwa kupanga mtu wa kuitwa usiku.

Ili kujua kama ujumbe umefika, kijana huombwa aueleze kwa maneno yake. Akijibu, “Niandike vizuri zaidi,” upole umelimeza tatizo, na inafaa kurudia. Akijibu, “Nisiandike nisichokipima, na niite msaada,” amesikia. Baada ya majuma mawili chati chache hulinganishwa tena na rejista. Nafasi wazi zenye sababu ni dalili njema kuliko safu ya 140 zisizobadilika.

Njia hii ina mipaka. Mapigo yakiwa chini ya 110 na mama yungali kitandani, maneno yawe mafupi na ya amri. Mazungumzo yatafuata baadaye. Na mtu akiendelea kubuni vipimo baada ya kuelezwa na kupewa msaada, jambo hilo limekwisha kuwa la nidhamu, na humpasa mganga mfawidhi.