Mtandao Haupigi Picha

Fungua gazeti, au pitia kurasa za watu kwenye simu, hutachelewa kukutana na maneno haya chini ya picha: "Picha na Mtandao." Mtandao haujawahi kushika kamera. Kuna mtu alisimama mahali fulani, jua likimchoma au askari wakimsukuma, akabonyeza kitufe. Wapo pia wanaoandika "Picha: Maktaba", ambayo angalau haidanganyi, ingawa haimwambii msomaji lolote.

Wengi wanaofanya hivi hawana nia ya kuiba. Jina la mwenye kazi wanaliona kama risiti inayobanwa nyuma ya hati: lazima iwepo, lakini nani ataisoma? Ndiyo maana hata wakilitaja hulitupa mwishoni, ndani ya mabano, kwa herufi ndogo, na likikaa hapo huonekana geni kweli. Wakati huohuo, msomaji anayetazama picha nzito huwa na swali moja kabla ya mengine yote: nani alikuwepo akaona haya? Jina la mpiga picha ndilo jibu la swali hilo. Likiwekwa pale swali linapozuka, linasomeka kama sehemu ya habari.

Chukua picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, ambazo bado husambazwa kila mwaka. Mtu anaweza kuandika hivi: "Picha za njaa ya Ethiopia zilitikisa dunia mwaka 1984. (Picha: Mtandao)." Mwingine, mwenye moyo wa haki zaidi, ataandika: "Picha za njaa ya Ethiopia zilitikisa dunia mwaka 1984. Picha hizi ni za mpiga picha nguli Mohamed Amin." Jina limetajwa, lakini sentensi ya pili imening'inia. Ukiifuta, habari inabaki vilevile, na hiyo ndiyo dalili ya jina lililobandikwa. Neno "nguli" nalo halisaidii. Linamvika mtu taji bila kutuambia alifanya nini.

Sasa jaribu kuanza naye: "Oktoba 1984, Mkenya Mohamed Amin alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji wa BBC Michael Buerk. Alichokirekodi kwenye kambi ya huko kilirushwa tarehe 23 mwezi huo, na miezi tisa baadaye tamasha la Live Aid lilikuwa likichangisha fedha London na Philadelphia." Hapa huwezi kumfuta Amin. Ukimwondoa, hakuna aliyefika na hakuna aliyerekodi, na sentensi nzima inaanguka. Msomaji pia amepata jambo ambalo "nguli" lisingempa: kwamba watazamaji walioisikia sauti ya Buerk walikuwa wakiona kupitia jicho la mtu mwingine, mzaliwa wa Nairobi.

Angalia pia kitenzi. Nimeandika "alirekodi" kwa sababu kilichorushwa siku ile kilikuwa filamu. Amin alipiga pia picha za mnato, na ukiitumia mojawapo ndipo uandike "alipiga". Kitenzi sahihi hufanya nusu ya kazi ya kumtaja mtu, kwa kuwa kinaonyesha mchango wake uliishia wapi. "Kazi ya fulani" ni maneno ya mtu ambaye hakujisumbua kuuliza.

Kwenye muziki uvivu huu huleta ugomvi. "Malaika" umeimbwa na wengi, akiwemo Miriam Makeba, na ukiandika tu "wimbo wa Miriam Makeba" umempa aliyeimba sifa ya aliyetunga. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi na kuupa umaarufu nyumbani, na kwa miaka mingi umehesabiwa kuwa wake. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Mwandishi hahitaji kuwa hakimu. Anaweza kuandika: "Miriam Makeba aliimba Malaika, wimbo ambao Fadhili William alikuwa amekwisha kuurekodi Kenya, na ambao wengine humtaja Adam Salim kuwa ndiye aliyeutunga." Watu watatu, kila mmoja na kitenzi chake. Sentensi imerefuka, lakini mzozo wenyewe umekuwa sehemu ya kisa badala ya kufichwa.

Kwa nukuu, kinachofanya kazi ya kitenzi ni tukio. Tumezoea kuona maneno mazuri juu ya picha ya machweo, na chini yake kistari na "Mwl. J. K. Nyerere". Alisema lini? Akiwaambia akina nani? Maneno yake kuhusu kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro huwekwa mara nyingi kando ya picha za Uhuru, kana kwamba aliyatamka usiku ule wa Desemba 1961. Ukianza hivi, "Oktoba 1959, zaidi ya miaka miwili kabla ya Uhuru, Nyerere aliwaambia wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria…", maneno yaleyale yanabadilika uzito. Ilikuwa ahadi ya mtu ambaye bado hakuwa na serikali mkononi. Na njia hii ni kipimo vilevile: ukitafuta tukio, mahali na mwaka na usivipate popote, shuku kwamba maneno hayo si yake. Yaache, au uyatumie bila kumbebesha.

Ipo sababu nyingine ya kuliweka jina mapema, nayo inatoka kwenye simu zetu. Andiko linaponakiliwa kwenda kundi la WhatsApp, picha huachana na maelezo yake. Taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ambamo baadhi ya wapiga picha huweka majina yao, kwa kawaida hupotea picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Alama ya @ hugeuka maandishi makavu ambayo hayampeleki mtu popote. Mara nyingi kinachopona ni sentensi za mwanzo. Basi andika jina kamili kwa herufi, humo, hata kama umemtagi pia.

Lakini si kila picha inastahili sentensi. Picha ya sahani ya pilau iliyowekwa kupamba makala ya bei ya mchele haihitaji wasifu wa aliyeipiga. Mstari mfupi chini yake, "Picha:" kisha jina, ni adabu tosha, na kumlazimisha aingie kwenye aya kutakuwa kituko.

Kuna pia masharti ambayo sentensi tamu haiyatimizi. Picha iliyochukuliwa Wikimedia Commons chini ya leseni ya `CC BY-SA 4.0` inakutaka utaje mwenye kazi, utaje leseni na kuweka kiungo chake, na useme kama umeibadilisha. Jina liweke kwenye maelezo yako ya kawaida, kisha mstari wa chini ubebe yaliyobaki: leseni, kiungo, na "imepunguzwa upande wa kulia" ikiwa umeikata. Picha isiyo na leseni ya namna hiyo kwa kawaida inahitaji ruhusa. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zote zinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, lakini kutambuliwa na kuombwa ni mambo mawili, na kulitaja jina la mtu kwa ufasaha hakujawahi kuwa barua ya kumwomba picha yake.