Wanafunzi Waliofungana Alama Wanapangwaje Kwenye Robo?

Wanafunzi 12 wamefanya mtihani wa hisabati. Alama zao, zikipangwa kuanzia ya chini, ni hizi:

31, 38, 45, 52, 52, 52, 52, 60, 67, 67, 74, 88

Wanne wamefungana kwa 52 na wawili kwa 67. Usiandike 52 mara moja tu ukidhani inatosha, kwani tunahesabu wanafunzi, si alama tofauti. Ukifuta zinazojirudia zitabaki alama nane, na katikati yake itakuwa 56. Rudi kwenye orodha kamili uhakiki: chini ya 56 wapo saba, juu yake watano. Hiyo si nusu kwa nusu.

Kwa orodha kamili, katikati ipo kati ya mwanafunzi wa 6 na wa 7. Wote wana 52, kwa hiyo mediani ni 52. Mstari wa katikati unawatenganisha wenye 52: watatu wanaangukia nusu ya chini, mmoja nusu ya juu. Hakuna kosa, maana tunachogawa ni nafasi.

Kwartaili ya kwanza ni katikati ya nusu ya chini, yaani kati ya 45 na 52: (45 + 52) ÷ 2 = 48.5. Kwartaili ya tatu ni katikati ya nusu ya juu, kati ya 67 na 67, nayo ni 67. Basi nusu ya darasa iliyo katikati imeenea ndani ya alama 18.5. Usishtuke kompyuta ikikupa jibu jingine: `QUARTILE.INC` ya Excel hutoa 50.25 kwa kwartaili ya kwanza, kwa sababu hupima nafasi kwa kanuni tofauti. Muhimu ni kutaja kanuni uliyotumia na kutoichanganya na nyingine.

Kufungana kunaleta utata zaidi kwenye pasentaili. Mwenye 52 amewapita wangapi? Ukihesabu walio chini yake tu, ni 3 kati ya 12, yaani asilimia 25. Ukiwajumlisha wote wenye 52, ni 7 kati ya 12, karibu asilimia 58. Njia ya kati ni kuchukua walio chini, kisha nusu ya waliofungana, yeye mwenyewe akiwemo: (3 + 2) ÷ 12, karibu asilimia 42. Wote wanne wanapewa hiyo hiyo. Mwenye 67 anapata (8 + 1) ÷ 12, yaani asilimia 75. Kwa hiyo alama 67 imemweka kwenye pasentaili ya 75. Hizo ni namba mbili tofauti, na mzazi anayesoma ripoti asizichanganye.

Katika kundi hili kila mwanafunzi ana uzito wa zaidi ya asilimia 8. Mmoja akihama, pasentaili za wenzake huruka. Kwa watu 12, ishia kwenye kwartaili. Kumtofautisha wa pasentaili ya 90 na wa 93 hakuna msingi.