Mwanahamisi Anapogeuka Zuhura

Ripoti nyingi za utafiti hutanguliza sentensi moja fupi: majina ya wahojiwa yamebadilishwa. Kazi iliyo nyuma ya sentensi hiyo ikifanywa ovyo, mtu aliyesimulia siri za ndoa yake hutambuliwa na jirani kabla ya ukurasa wa pili.

Tuseme mtafiti amezungumza na Mwanahamisi, mwanamke wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga. Jina lake pekee linasema mengi: ni Mwislamu, ni mtu wa pwani, si binti wa juzi, na huenda alizaliwa Alhamisi. Akiitwa Vanessa, msomaji atamwona mtu mwingine kabisa. Mwajuma litamkaa vizuri, lakini linapishana na la kweli kwa siku moja tu, na wanaomfahamu watabahatisha upesi. Zuhura linafaa zaidi: linabakisha dini na rika, ila herufi ya kwanza, mlio na maana havimwelekezi mtu kwa mwenyewe. “Mama Salumu” halifai, hata kama ndivyo anavyoitwa sokoni, kwa sababu linamtaja mwanawe.

Majina mengine hubeba habari ambayo mtafiti hakuikusudia. Wasukuma huwaita pacha Kulwa na Doto. Asiye pacha akipewa jina la Kulwa, msomaji wa Mwanza atauliza Doto yuko wapi. Na kama mhojiwa ndiye Mwislamu pekee kijijini, jina la Kiislamu litamfichua; hapo Bahati au Furaha, yanayotumiwa na watu wa dini zote, ni salama zaidi.

Kisha ipo kompyuta. Mtafiti akiiamuru ibadilishe kila “Juma” liwe “Hamisi”, Jumamosi itageuka “Hamisimosi”, na msomaji makini atajua mara moja jina lililofichwa. Dawa yake ni kubadilisha neno zima tu, kisha kuisoma nakala yote kwa macho. Orodha inayooanisha majina ya kweli na ya bandia huhifadhiwa mbali na mahojiano, ikiwa imefungwa kwa nywila.

Hata hivyo, jina peke yake halimfichi mtu. Mwaka 1958 Arthur Vidich na Joseph Bensman walichapisha utafiti kuhusu mji mdogo wa jimbo la New York, wakauita Springdale na kuwapa wakazi majina ya kubuni. Vyeo na shughuli za wakubwa wa mji vilibaki wazi, hivyo kila mwenyeji aliwatambua. Katika gwaride la tarehe 4 Julai, wakazi wenye hasira walipita wamevaa vinyago, wakijiita kwa majina waliyopewa kitabuni.

Kwa hiyo, kama Zuhura ndiye muuza samaki pekee kijijini, aandikwe “mfanyabiashara mdogo”, na kijiji kisitajwe. Kabla ripoti haijachapishwa, asomewe sehemu yake na aulizwe ni maneno gani yangemfanya jirani amtambue. Maneno hayo yaondolewe.