Watoto 290 wa Kampala na Jaribio la Kai-mraba

Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza jedwali dogo lenye namba nne. Namba hizo zilihusu watoto wa Kiganda kutoka maeneo ya karibu na Kampala, nazo zilibeba jibu la fumbo lililowasumbua madaktari kwa muda mrefu. Mtoto anayerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kwa mama huugua sana, na zamani wengi wao walikufa kabla ya kukua. Kinasaba kinachoua namna hiyo kilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya Ziwa Viktoria kilikuwa kimejaa tele, ilhali kwenye nyanda za juu za Kenya kilikuwa adimu.

Allison aliona kwamba mahali penye selimundu nyingi ndipo penye malaria nyingi. Akashuku kwamba mtu aliyerithi kinasaba hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani mbebaji ambaye kwa kawaida haugui, hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ili kuipima dhana hiyo aliwachukua watoto 290 wenye umri wa kati ya miezi 5 na miaka 5. Umri huo aliuchagua kwa sababu. Mtoto mchanga zaidi ya hapo bado analindwa na kinga ya mama yake, na mkubwa zaidi ameshajijengea kinga yake mwenyewe, kwa hiyo tofauti inayotafutwa ingefunikwa. Kila mtoto alipimwa damu kwa mambo mawili: kama chembe zake nyekundu hugeuka umbo la mundu, na kama ana vimelea vya malaria. Matokeo yalikuwa haya:

| | Wana vimelea | Hawana vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wenye selimundu | 12 | 31 | 43 |
| Wasio na selimundu | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

Ukigeuza namba hizo kuwa asilimia, utaona kwamba vimelea vilikutwa kwa takriban asilimia 28 ya watoto wenye selimundu, na kwa asilimia 46 ya wasio nayo. Tofauti inaonekana kubwa. Lakini watoto wenye selimundu walikuwa 43 tu. Huenda siku hiyo walifika, kwa nasibu, watoto wachache wa kundi hilo ambao hawakuwa wameumwa na mbu wenye vimelea. Huenda kundi jingine la watoto 43 lingeleta hesabu tofauti kabisa. Tutajuaje kama tofauti hii ni ya kweli au ni mchezo wa nasibu?

Jaribio la kai-mraba hujibu swali hilo kwa kuanzia upande usiotarajiwa. Halitafuti kuthibitisha kwamba selimundu inakinga. Huanza kwa kudhani kwamba selimundu na malaria havina uhusiano wowote, kisha huuliza: kama ni hivyo, jedwali lingetakiwa lionekaneje? Dhana hiyo ya kuanzia ndiyo nadharia tete. Ikiwa jedwali halisi liko mbali mno na lile la kudhani, nadharia tete inakataliwa.

Tulijenge basi jedwali la kudhani. Kati ya watoto wote 290, waliokutwa na vimelea ni 125. Kama selimundu haina athari, sehemu hiyohiyo ya watoto ingeonekana katika kila kundi. Kwa hiyo, kati ya watoto 43 wenye selimundu tungetarajia wenye vimelea wawe 43 × 125 ÷ 290, yaani 18.53. Kanuni ni moja kwa kila chumba cha jedwali: zidisha jumla ya safu mlalo kwa jumla ya safu wima, kisha gawanya kwa jumla kuu. Kwa njia hiyo tunapata idadi tarajiwa zote nne:

| | Wana vimelea | Hawana vimelea |
|---|---|---|
| Wenye selimundu | 18.53 | 24.47 |
| Wasio na selimundu | 106.47 | 140.53 |

Usishtushwe na desimali. Hakuna mtoto nusu. Hizi ni wastani wa kile ambacho kingetokea kama upimaji ungerudiwa mara nyingi.

Sasa linganisha majedwali mawili. Tulitarajia watoto 18.53 wenye selimundu na vimelea, tukawaona 12. Pengo ni 6.53. Ukipiga hesabu kwa vyumba vitatu vilivyobaki utakuta pengo ni hilohilo, 6.53, isipokuwa kwingine ni la kuzidi na kwingine la kupungua. Ukijumlisha mapengo hayo yalivyo, yatafutana na kuacha sifuri. Ndiyo maana kila pengo hupigwa kipeo cha pili, ili alama ya kutoa iondoke: 6.53 inakuwa takriban 42.70.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa jaribio. Kila pengo lililopigwa kipeo hugawanywa kwa idadi tarajiwa ya chumba chake, kwa kuwa pengo la watoto 6 na ushee ni kubwa pale ulipotarajia 18, lakini ni dogo pale ulipotarajia 140. Hesabu inakwenda hivi:

Wenye selimundu na vimelea: 42.70 ÷ 18.53 = 2.30

Wenye selimundu bila vimelea: 42.70 ÷ 24.47 = 1.75

Wasio na selimundu, wenye vimelea: 42.70 ÷ 106.47 = 0.40

Wasio na selimundu, bila vimelea: 42.70 ÷ 140.53 = 0.30

Jumla yake ni 4.75. Hiyo ndiyo kai-mraba ya jedwali letu. Tazama pia kwamba sehemu kubwa ya jumla hiyo, zaidi ya 4, imetoka kwenye kundi dogo la watoto 43. Huko ndiko matokeo yalikopotoka zaidi kutoka kwenye matarajio.

Je, 4.75 ni nyingi au ni kidogo? Ili kujibu tunahitaji kujua digrii za uhuru, yaani ni vyumba vingapi vya jedwali vinavyoweza kubadilika kwa hiari yake baada ya jumla za pembeni kujulikana. Hapa ni kimoja tu. Ukishajua kwamba wenye selimundu na vimelea ni 12, basi wasio na vimelea lazima wawe 31 ili 43 itimie, na vyumba vya chini navyo vinajijaza. Ndiyo sababu mapengo yote manne yalilingana. Kwa jumla, toa 1 kwenye idadi ya safu mlalo, toa 1 kwenye idadi ya safu wima, kisha zidisha majibu hayo mawili.

Kwa digrii 1 ya uhuru, majedwali ya takwimu hutoa mpaka wa 3.84. Maana yake ni hii: kama hakuna uhusiano wowote, nasibu peke yake ingezalisha kai-mraba inayozidi 3.84 katika majaribio 5 tu kati ya 100. Yetu ni 4.75, imevuka mpaka. Tofauti kubwa kiasi hicho ingetokea kwa nasibu takriban mara 3 katika 100. Nadharia tete inakataliwa: kwa watoto hawa, selimundu na malaria vina uhusiano.

Hukumu hiyo isingetolewa kama Allison angefanya kazi yake mapema zaidi. Karl Pearson, Mwingereza aliyebuni kai-mraba mwaka 1900, aliamini kwamba jedwali la vyumba vinne lina digrii 3 za uhuru. Kwa digrii 3 mpaka ni 7.81, na 4.75 isingeufikia. Ni Ronald Fisher aliyeonyesha mwaka 1922 kwamba digrii ni 1. Kwa hiyo, unapopitia hesabu ya mtu, kagua digrii za uhuru kwanza. Kujumlisha kunaweza kuwa sahihi na hukumu ikawa ya makosa.

Kosa jingine linalotokea mara kwa mara ni kuingiza asilimia mahali pa idadi ya watu. Jaribu kwenye jedwali letu: weka 28 na 72 juu, 46 na 54 chini. Utapata kai-mraba ya 6.95, na ushahidi utaonekana mzito kuliko ulivyo. Umelidanganya jaribio kwamba ulipima watoto 100 wenye selimundu, kumbe walikuwa 43. Kai-mraba hufanya kazi kwa hesabu ya vichwa, na kila kichwa huhesabiwa mara moja tu. Mtoto aliyepimwa mara mbili na kuandikwa kama watoto wawili anaharibu hesabu nzima.

Idadi tarajiwa ikiwa ndogo sana, kwa kawaida chini ya 5 katika chumba chochote cha jedwali la vyumba vinne, mpaka wa 3.84 hauaminiki tena, na watakwimu hutumia jaribio halisi la Fisher badala yake. Kwetu iliyo ndogo kuliko zote ni 18.53, kwa hiyo tuko salama. Zingatia kwamba kinachokaguliwa ni idadi tarajiwa, si ile iliyoonekana.

Ukubwa wa kai-mraba nao usichukuliwe kuwa ukubwa wa kinga. Kama Allison angepima watoto 2,900 na kupata asilimia zilezile, kai-mraba ingekuwa 47.5, ingawa kinga ni ileile. Namba hiyo hupima uzito wa ushahidi. Anayetaka kujua nguvu ya uhusiano arudi kwenye asilimia: 28 dhidi ya 46.

Na uhusiano haujawa chanzo. Jedwali la Kampala halikuweza kuonyesha kwamba selimundu ndiyo iliyopunguza vimelea. Allison alilijua hilo, akaongeza jaribio ambalo leo lingezua maswali mazito ya maadili: wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye selimundu na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wasio na selimundu, 14 walipata vimelea; kati ya wenye nayo, 2 tu. Kai-mraba ya jedwali hilo ni 19.3. Matokeo hayo, pamoja na jedwali la watoto na ramani ya maeneo yenye malaria, ndiyo yaliyoijenga hoja ambayo tafiti nyingi za baadaye ziliithibitisha.

Basi ukikutana na ripoti inayosema kwamba jambo fulani lina uhusiano na jingine, usiridhike na asilimia mbili zilizowekwa kando kwa kando. Dai idadi ya watu katika kila chumba cha jedwali, kisha kaa na kalamu upige hesabu mwenyewe. Kwa jedwali la vyumba vinne, kuzidisha na kugawanya kwa kawaida kunatosha.