Alama ya X Ukutani kwa Bibi

Mwaka 2017, nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Hifadhi yake ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Kwa mtunzi wa hadithi fupi, hapo pana kisa kizito: mjukuu anakwenda kwa bibi kwa mara ya mwisho.

Mtoto hajui sheria ya hifadhi ya barabara. Anachokiona ni X nyekundu ukutani na mafundi juu ya paa, maana wenye nyumba huwahi kuokoa mabati, milango na nondo za madirisha kabla tingatinga halijafika. Ndiyo sababu anakuta jua limejaa sebuleni.

“Bibi, leo tutalala wapi?”

“Kwa mama yako mdogo, mjukuu wangu. Shika hizo bawaba, usizipoteze.”

Mtunzi akianza kueleza kesi na fidia kupitia kinywa cha mtoto, sauti inageuka ya mtu mzima na msomaji haamini tena. Bora mtoto ahesabu bawaba, aulize maembe yatachumwa na nani, kisha apakiwe kwenye kirikuu pamoja na mabati.