Mita Nne za Kitambaa kwa Mtaa Mzima

Ikikaribia 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika, vijana wa mitaa mingi ya Dar es Salaam huanza kuzungukia nyumba wakichangisha. Fedha ikipatikana, mara nyingi huishia kwenye vibendera vya nailoni vinavyouzwa vikiwa tayari vimefungwa kwenye uzi. Vinang'aa siku ya kwanza, mvua ya vuli ikishapiga mara moja au mbili vinachanika, na asubuhi ya tarehe 10 vimeziba mtaro. Kitambaa kilichoshonwa na fundi wa mtaani hudumu miaka kadhaa, na hesabu yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Tuchukue kipande cha mtaa chenye urefu wa mita 50, nyumba zikitazamana kwa umbali wa mita 6. Kamba 8 za kukatisha njia zinatosha, moja kila baada ya mita 7 hivi. Kila kamba ibebe vibendera 20 vya pembetatu, upana wa juu sentimita 20 na urefu sentimita 28, vikiachana kwa sentimita 10. Jumla vinakuwa 160. Kwa rangi nne za bendera ya Tanzania, yaani kijani, njano, nyeusi na bluu, ni 40 kwa kila rangi.

Hapo ndipo ukataji unapoamua gharama. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 ukikikata kwa mapande ya urefu wa sentimita 28, mita moja inatoa mapande matatu. Fundi asiye na uzoefu huchora pembetatu zote zikitazama chini, akapata 7 kwa kila pande na kutupa vipembe vilivyobaki katikati. Mwenye uzoefu huzipanga kama meno, moja ikitazama chini na inayofuata juu, mkato mmoja ukigawa mbili. Kwa njia hiyo pande lilelile linatoa 14, na mita moja inatoa 42. Kwa hiyo mtaa mzima unahitaji mita moja tu ya kila rangi. Fundi akate kwa mkasi wa meno, kingo zisifumuke, maana kupinda kingo za vibendera 160 ni kazi ya siku kadhaa isiyo na sababu.

Vibendera visifungwe kwenye kamba kwa pini wala kwa fundo. Upepo ukivuma hutelezea vyote katikati, kamba ikabaki tupu pembeni. Fundi akunje utepe mpana mara mbili, aingize upande wa juu wa kila kibendera ndani ya mkunjo, kisha apitishe cherehani mwanzo hadi mwisho bila kukata uzi. Kila utepe uwe na mita 8: sita za vibendera na mita moja kila upande ya kufungia. Anayesahau hiyo mita ya pembeni hujikuta akiunga vipande vya kamba juu ya ngazi.

Tetroni inafaa kuliko pamba tupu kwa sababu hainywi maji mengi na hukauka haraka. Lakini kabla ya kukata, rangi ipimwe. Lowanisha kipande cha nyeusi na cha kijani, vifunge ndani ya kitambaa cheupe, vikandamize na uviache hadi asubuhi. Cheupe kikichafuka, jora hilo litaichafua njano mvua ikinyesha, na hakuna kufua kutakakoirudisha. Vuli huwa haijaisha Desemba inapoingia, kwa hiyo kipimo hicho kisirukwe.

Kufunga kamba kuna kosa ambalo karibu kila mtaa hulifanya: kuivuta hadi inyooke kama mstari wa rula. Inapendeza kwa macho, lakini kadiri kamba inavyonyooka ndivyo inavyozidi kuvuta kule ilikofungwa. Katika njia ya mita 6, kamba iliyoachiwa ilegee sentimita 30 katikati huvuta kwa nguvu ndogo mara sita kuliko iliyoachiwa sentimita 5, ingawa mzigo ni uleule. Ongeza maji na upepo wa kaskazi unaotoka baharini miezi hiyo, na iliyokazwa ndiyo itakayong'oa msumari au kukunja bomba la maji ya mvua. Iachwe ilegee. Ifungwe kwenye nondo za dirisha, kwenye mti au kenchi ya paa, na hata katikati ipite juu ya lori refu kabisa linaloingia mtaani humo. Nguzo za umeme na nyaya zinazoingia majumbani zisiguswe kabisa, kwani utepe uliolowa unapitisha umeme. Mahali nyaya zimepita chini, pasiwekwe kamba.

Ndani ya nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vya wapangaji mkabala na ukumbi na ua wa pamoja nyuma, mambo ni tofauti. Uani kuna kamba za kuanikia na kuna majiko ya mkaa, na tetroni ikikaribia moto huyeyuka na kudondosha matone yanayounguza ngozi. Mimi naona vibendera vya uani vikae ukumbini na juu ya mlango wa mbele, jiko na nguo viachwe mahali pake. Wapangaji wakubaliane mapema na mwenye nyumba ni misumari gani inaruhusiwa. Ugomvi mwingi wa mapambo huanzia kwenye ukuta uliotobolewa bila kuulizwa.

Vibendera hivi ni rangi tu, si bendera ya Taifa. Bendera yenyewe ni kitu kingine. Ipo Sheria ya Alama za Taifa, na kuidharau bendera ni kosa, kwa hiyo mwenyekiti wa serikali ya mtaa aulizwe kabla ya kuipandisha. Moja iliyo safi, kwenye mlingoti ulionyooka, inapendeza kuliko kumi zilizochujuka. Makosa ya kuipachika ni mawili. La kwanza ni kuigeuza juu chini, na utalijua kwa mstari mweusi: ukitokea mlingotini lazima upande, usishuke. La pili hujificha zaidi, kwa sababu bendera ikishonewa kamba upande usio wake, mstari bado unapanda vizuri lakini bluu ndiyo inayogusa mlingoti kwa juu. Kijani ndicho cha kukaa hapo, bluu iwe nje kwa chini.

Bluu hiyo ilitoka Zanzibar. Bendera iliyopandishwa 1961 ilikuwa ya kijani, njano na nyeusi pekee. Bluu iliingia 1964, baada ya Muungano. Mtaa unaotaka kukumbuka siku yenyewe ilivyokuwa unaweza kuacha bluu na kushona rangi tatu, na wazee watalitambua hilo bila kuelezwa.

Usafi utangulie mapambo. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, na mitaro mingi ilizibuliwa siku ile. Vibendera juu ya mtaro uliojaa havifichi kitu.

Sherehe ikiisha kamba zishushwe kesho yake, zifuliwe, zianikwe kivulini, kisha kila moja iviringwe peke yake kwenye kipande cha ubao na kuwekwa kwa mjumbe. Na kama mtaa wenu unaanza mwaka huu, pelekeni kitambaa kwa fundi kabla Oktoba haijaisha. Ikifika Desemba atakuwa amezidiwa na sare za shule na nguo za Krismasi.